Uzoefu wangu: wasailiwa wawili na hundi ya 18,000

Nafasi ilikuwa moja: mhasibu wa kufunga hesabu za kila mwezi, mwenye makarani wawili chini yake. Jopo letu lilikuwa la watu watatu, nami nikiwa mwenyekiti. Baada ya usaili walibaki wawili ambao sikujua nimwache yupi. Nitawaita wa asubuhi na wa mchana.

Wote walipewa zoezi lile lile la usuluhishi wa benki. Salio la daftari la fedha lilipishana na salio la taarifa ya benki kwa 26,550, na kazi ilikuwa kueleza tofauti hiyo yote imetoka wapi. Ndani yake kulikuwa na hundi mbili ambazo hazijawasilishwa benki, moja ya 18,000 na nyingine ya 22,450. Fedha 12,000 zilizopelekwa benki ambazo benki ilikuwa haijaziandika. Tozo ya benki ya 1,000 ambayo haikuwa kwenye daftari. Na malipo ya 5,400 yaliyoandikwa 4,500.

Wa asubuhi alimaliza kwa dakika 11. Nilimwona akifika kwenye 900 ya mwisho, akaigawa kwa 9, ikagawanyika bila baki, na papo hapo akaanza kutafuta tarakimu zilizopinduliwa. Ni mbinu ya kweli: ukibadilishana nafasi za tarakimu mbili, tofauti inayozaliwa hugawanyika kwa 9 kila mara. Aliikuta 4,500 bila kupitia mstari mmoja mmoja. Kisha akasukuma karatasi mezani na kusema, "Zoezi hili ni la karani. Nilidhani mngenipa kazi." Wa mchana alitumia dakika 38, akaupitia kila mstari kwa kuutia alama ya vema kwa penseli, na mbinu ya 9 hakuijua kabisa.

Vigezo tulikuwa tumeviandika kabla ya kumwona mtu yeyote, pamoja na uzito wake: ujuzi wa hesabu 40, kumbukumbu ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata 30, kupokea marekebisho 30. Kila kigezo kilipewa alama 1 hadi 5, na kila mjumbe alijaza karatasi yake kabla ya mazungumzo. Mimi nilimpa wa asubuhi 5, 4 na 3, yaani 410 kati ya 500. Wa mchana nilimpa 3, 4 na 3, yaani 330. Ningeishia hapo, wa asubuhi angeajiriwa jioni ile ile.

Kilichonisimamisha ni swali la mjumbe mmoja: "Mwenyekiti, hiyo 4 ya kumbukumbu umeitoa wapi?" Nikaifungua karatasi ya wa asubuhi. Ilikuwa na salio lililorekebishwa na mahesabu matano, bila namba ya hundi hata moja wala tarehe. Karani akipewa karatasi ile mwezi unaofuata, ataanza upya. Alama ile niliitoa kwa sababu nilikuwa bado navutiwa na zile dakika 11. Msailiwa anapong'aa katika kigezo kimoja, mng'ao huo huvuja hadi kwenye vigezo ambavyo hakuvionyesha, na dalili yake ni hiyo: alama ya juu ambayo huwezi kuiwekea ushahidi kwenye daftari lako la usaili. Niliishusha hadi 2.

Lakini hapo hapo nikaona hatari ya upande wa pili. Tulikuwa tumeanza kumwita wa mchana "mtulivu" na "wa kuaminika", na hayo nayo hayakuwa na ushahidi. Upole wa dakika 45 unaweza kuwa utulivu, na unaweza pia kuwa woga wa mtu atakayekubali lolote aambiwalo na mkubwa wake. Kwa mtu anayefunga hesabu, woga huo una madhara kuliko majivuno, maana siku meneja atakapomwambia asogeze malipo kwenda mwezi ujao, atayasogeza.

Kwa hiyo tuliwaita tena, kila mmoja kwa dakika 20, tukawapa marekebisho mawili juu ya kazi zao wenyewe. Moja lilikuwa sahihi na jingine tulilikosea kwa makusudi. La kosa: tuliwaambia tozo ya 1,000 walipaswa kuirekebisha upande wa benki. La sahihi lilikuwa hundi ya 18,000. Tarehe yake ilikuwa ya miezi 7 nyuma, na benki nyingi hazilipi hundi iliyopita miezi 6. Hundi ya namna hiyo haifai kubaki kwenye orodha ya zinazosubiri kuwasilishwa. Hurudishwa kwenye daftari la fedha, na deni la aliyeandikiwa linafufuliwa. Ubaya wake ni kwamba haijionyeshi. Ukiiacha, pande zote mbili zinalingana kwa 484,300. Ukiirekebisha, zinalingana pia, ila kwa 502,300. Kulingana kwa salio hakumwambii mhasibu kwamba amekosea.

Wa asubuhi alilitupa lile la tozo kwa sentensi moja, na alikuwa sahihi. Tulipofika kwenye hundi hakuitazama karatasi. "Pande zimelingana. Kosa liko wapi?" Mjumbe alipomwonyesha tarehe, alijibu kwamba zoezi limeandikwa vibaya. Tulimpa nafasi ya pili, tukanyamaza kama dakika nzima. Akabaki pale pale.

Wa mchana alianza na hundi. Aliomba arudishiwe karatasi yake, akaweka kidole kwenye tarehe, akahesabu miezi kimya kimya, akasema, "Hii nimeipita. Nilitia alama kwenye namba na kiasi, tarehe sikuisoma." Akaiandika upya mbele yetu. Kwenye tozo alisita kwa muda mrefu hadi nikadhani atakubali. Kisha: "Samahani mwenyekiti, hapa siwezi kukubaliana nanyi. Benki imeshaikata. Aliyebaki kuiandika ni sisi." Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakurudi nyuma hata nilipomuuliza mara ya pili kama ana uhakika.

Tuliwapigia simu wadhamini wao na kuacha kuuliza "ni mtu wa namna gani?", kwa kuwa jibu la swali hilo ni sifa tupu. Tuliuliza: alipoondoka, nani alichukua mafaili yake, na ilichukua muda gani kuyaelewa? Kwa wa mchana jibu lilikuwa siku chache. Kwa wa asubuhi mdhamini alicheka kidogo, akasema mpaka leo humpigia simu kumuuliza.

Alama za mwisho zilikuwa 5, 2, 2 kwa wa asubuhi, sawa na 320, na 3, 5, 4 kwa wa mchana, sawa na 390. Tulimwajiri wa mchana. Kama kazi ingekuwa ya wiki tatu, kuingia peke yake kwenye hesabu zilizovurugika na kutafuta fedha zilikopotelea, uzito wa vigezo ungekuwa mwingine na ningemchukua wa asubuhi bila kusita. Uamuzi huu pia ulikuwa na gharama: miezi miwili ya kwanza hesabu zilifungwa siku ya 7, wakati tulizoea siku ya 5.

Wa asubuhi nilimpigia mwenyewe. Sikumtajia majivuno, kwa sababu neno hilo lingempa kitu cha kubishia. Nilimweleza karatasi isiyo na namba za hundi, na hundi ya miezi 7. Alikaa kimya, kisha akaomba nimsomee tarehe ya hundi ile. Nikamsomea. Akaniomba nirudie.