Alikuja na NIDA ya kaka yake

Mwaka 2021 nilikuwa karani kwenye leseni ndogo ya dhahabu mkoani Geita. Karani wa machimbo ni mtu wa kila kitu: unahesabu viroba vya mawe vinavyotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, unaandika zamu, unapima dizeli ya jenereta. Alfajiri unakuta vijana wamejipanga getini wanatafuta kibarua, na ni wewe unayeamua nani aingie.

Mwenye leseni alikuwa ameniambia jambo moja tu: "Dada, mtoto asiingie." Kumtambua mtoto aliniachia mwenyewe.

Wengi pale walishika umri wa miaka 14, kwa kuwa ndio umri ambao sheria inamruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Machimboni umri huo haukusaidii kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaja kazi ya madini na ya kuvunja mawe kuwa ya hatari, sawa na kubeba mizigo mizito, kufanya kazi penye mashine na viwandani penye kemikali. Kwetu vyote hivyo vilikaa eneo moja: duara, winchi, karasha linalosaga mawe na kutoa vumbi jeupe kama unga, na mwaloni ambako watu wanakamata dhahabu kwa zebaki. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi: 18, au rudi nyumbani.

Siku niliyoielewa kazi hiyo ni pale alipokuja kijana mwembamba, sauti imeshaanza kukwaruza, na karatasi ya namba ya NIDA mkononi. Alinisalimia shikamoo vizuri sana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Yake ilianza na 1998. Kwa karatasi ile alikuwa mtu wa miaka 22 au 23, na ningeweza kumwandika nikaendelea na wengine.

Ila karatasi ya namba haina picha. Nikamuuliza kadi, akasema haijatoka, jambo ambalo lingeweza kuwa kweli kabisa, maana wengi walikuwa wanaishi na namba tu. Nikaacha kuuliza umri, kwa sababu anayetaka kazi jibu la umri anakuja nalo mdomoni. Nikamuuliza shule.

"Umemaliza la saba mwaka gani?"

"2019, dada."

"Magufuli anachaguliwa mara ya kwanza, ulikuwa darasa la ngapi?"

Hilo hakuja amejiandaa nalo. Uchaguzi wa 2015 hakuna mtu wa Geita aliyeusahau, maana Chato ni hapo tu. Akafikiri kidogo, akasema, "La tatu." Akanieleza hadi jinsi walimu walivyowaruhusu mapema siku ile ya matokeo.

La tatu mwaka 2015 na la saba mwaka 2019, hesabu inakaa sawasawa. Aliyezaliwa 1998 angekuwa na miaka 17 akiwa la tatu na 21 akimaliza la saba. Inawezekana, wapo walioanza shule wakubwa, ila ukimtazama yule mtoto shingoni na viganjani ungejua siyo. Aliyekuwa la tatu mwaka huo kwa kawaida alikuwa na miaka tisa au kumi. Mbele yangu alisimama mtu wa miaka 15 au 16. Nilipomwambia alete cheti cha kumaliza la saba, akainama. Namba ilikuwa ya kaka yake.

Tangu hapo nilibadilisha daftari. Zamani lilikuwa na jina na zamu. Nikaongeza tarehe ya kuzaliwa, aina ya kitambulisho nilichokiona kwa macho yangu, na maswali niliyouliza pale ambapo sikuridhika. Wakati huo NIDA ilikuwa inaandikisha kuanzia miaka 18, kwa hiyo kadi yenye picha inayofanana na mwenyewe ilinitosha, na ya mpiga kura vilevile. Asiye nayo, cheti cha kuzaliwa cha RITA. Asiye na hicho, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule, nikilinganisha viwili. Barua ya mtendaji wa kijiji niliipokea kama utambulisho wa anakotoka tu, maana mara nyingi umri ulioandikwa humo ni ule aliotajiwa na mwombaji mwenyewe. Walioshindwa kuthibitisha niliwaandika kwenye kurasa za nyuma, tarehe na sababu. Mwenye leseni aliona napoteza wino. Nikamwonyesha kifungu: umri ukibishaniwa mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alichunguza, na kwamba baada ya kuchunguza alikuwa na sababu ya kuamini mtu huyo ametimiza umri. "Alinidanganya" peke yake haitoshi.

Huyo kijana hakuondoka kirahisi. Mmoja wa wenye maduara, mzee mwenye huruma kwelikweli, alisema, "Basi achote maji tu, dada karani. Hiyo nayo kazi ya hatari?" Hoja yake ilinisumbua kuliko ya wakorofi. Lakini maji yanapelekwa mwaloni, na mwaloni ndipo watu wanapochoma donge la dhahabu na zebaki kwenye kijiko juu ya mkaa. Mvuke wa zebaki huuoni wala huunusi, unaingia mapafuni, unaharibu mishipa ya fahamu, na kwa mwili unaokua ni mbaya zaidi. Mchota maji anasimama palepale na mchomaji. Nikakataa. Kwa hoja hiyohiyo nikalazimika kuwagusa akina mama waliokuwa wanachenjua dhahabu na watoto mgongoni, ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu kwa kuwa hawakuajiriwa. Tulihamishia uchomaji upande upepo unakokwenda, mbali na wanapokaa. Mama mmoja aliniambia, "Wewe mwanangu utamlea wewe?" Sikuwa na jibu.

Nilidhani nimeshaziba kila tundu. Baada ya kama mwezi nikaona viroba haviendani: vilivyotoka kwenye maduara vilikuwa vingi kuliko vilivyofika kwenye karasha. Nilianza kwa kushuku wizi. Kumbe baadhi ya wachimbaji waliolipwa kwa mgao wa mawe walikuwa wanabeba viroba vyao jioni kwenda navyo nyumbani. Nilimfuata mmoja hadi uani kwake saa mbili usiku. Chini ya taa ya sola kulikuwa na watoto watatu, mkubwa labda miaka 11, wanaponda mawe kwa nyundo, vumbi limewakaa kwenye kope. Getini kwangu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupita. Daftari langu lilikuwa safi, na mawe yalikuwa ya leseni yetu.

Tulipitisha kwamba mgao utolewe baada ya kusagwa, na mawe mabichi yasitoke getini. Wachimbaji walinuna, kwa sababu karasha linalipiwa na nyundo ya mtoto hailipiwi. Wawili walihamia kwa jirani, ambako viroba vilikuwa bado vinatoka. Miezi michache baadaye nilimwona yule kijana wa NIDA barabarani, amekaa nyuma ya bodaboda, mtalimbo begani, wanaelekea huko.