Karatasi niliyomwachia Dani

Nimeiandika karatasi hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa saa tupu: ale saa ngapi, aoge saa ngapi. Niliposoma kwa sauti nikaona haimfai Dani, yaani bibi yake mtoto, mama mkwe wangu, aliyelea watoto sita pale Ahero. Anachohitaji kujua ni tabia za huyu mmoja, wa miezi 18, ambaye atalala kwao bila sisi kwa mara ya kwanza.

Nililohofia zaidi ni usingizi wa mchana. Binti yangu hulala mara moja tu, saa sita na nusu hadi saa nane na nusu. Ili ashikwe na usingizi saa moja na nusu usiku, anahitaji kukaa macho kwa muda wa kama saa tano. Akipitiliza hadi saa kumi, saa tatu usiku bado yuko juu ya meza. Lakini Dani hamwamshi mtoto aliyelala, huona ni kumdhulumu. Kwa hiyo sikuandika tu "aamshwe saa tisa". Nilieleza na sababu, na kwamba atanuna kidogo, apewe ndizi.

Asipolala kabisa mchana, wengi hudhani usiku atalala kama gogo. Kwake ni kinyume. Uchovu ukizidi hukimbia huku na huku akicheka, kisha akiguswa na godoro analia. Siku hiyo alazwe saa kumi na mbili na nusu, kabla Kwaro, babu yake, hajafungulia taarifa ya habari. Dalili yake ya kwanza ni ndogo: huvuta sikio la kushoto na kuegemea goti la mtu. Akianza kufikicha macho, tumeshachelewa.

Usiku hugutuka. Hukaa kitako, anaguna, macho nusu wazi. Sote hugutuka hivyo usingizi unapobadilika, ila sisi hujigeuza tukaendelea. Taa isiwashwe, asinyanyuliwe. Apapaswe mgongo, mara nyingi hujilaza mwenyewe. Maziwa anywe kabla ya kupigwa mswaki, chupa isiingie kitandani. Lakini akiwa na joto mwilini, hilo si jambo la usingizi tena: mtupigie hata iwe saa tisa usiku, na apelekwe hospitali.

Neti nilionyesha kwa mikono yangu. Ichomekwe chini ya godoro pande zote kabla ya giza, na yeye alale katikati, kwa sababu mguu ukigusa neti mbu humuuma kupitia matundu.

Jumapili nimeikuta karatasi imebanwa chini ya redio. Pale nilipoandika "mlango ufungwe" Dani amekata kwa kalamu, akaandika: "Ukiwa wazi, akisikia sauti zetu, alishikwa na usingizi baada ya dakika kumi." Nyumbani humchukua arobaini. Leo usiku nitauacha wazi.