Siku moja ya mchora ramani: maharage ishirini mezani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaamka. Chai, mkate, daladala hadi ofisini Sinza. Hadi saa tatu nimerekebisha ngazi za nyumba moja na kujibu simu za mafundi wawili. Siku yenyewe ilianza baada ya hapo.

Watu wengi wanaamini mchora ramani anakaa kwenye kompyuta, anachora mistari, basi. "Nichoree tu nyumba nzuri ya vyumba vinne, maswali ya nini?" Naulizwa hivyo kila wiki. Kuchora ndiyo sehemu nyepesi. Kazi inayonitoa jasho ni kujua mteja anataka nini kwa kweli, na kumwonyesha kila anachokitaka kitamgharimu kipi kingine.

Saa nne nilikuwa Tabata, kwa mzee mmoja mstaafu na mkewe. Wana kiwanja Kigamboni na wanataka nyumba isiyo na ghorofa, yenye mita za mraba 140. Michoro mitatu ilikuwa kwenye mkoba, lakini sikuitoa. Hilo nalishika sana: mteja akiona michoro kwanza, ataupenda mmoja kwa macho, halafu vipaumbele vyote atavipinda vifuate ule alioupenda.

Nikaomba waniambie mambo wanayoyataka. Yakafika tisa. Nikauliza kila moja lina uzito gani, mpaka kumi. Mzee akajibu, "Kumi." La pili? "Kumi." La tatu? "Mwanangu, yote muhimu, andika kumi kumi tuendelee." Tulikaa hapo saa nzima na nusu. Kila nilipoeleza kwamba kumi kila mahali ni sawa na kutopima kabisa, alirudi kwenye gharama ya saruji, au nyumba ya jirani yake, au fundi aliyemkimbia mwaka jana. Joto la Tabata lile, na feni haizunguki. Uvumilivu wangu ulikuwa umebaki kidogo sana.

Kwanza nikapunguza orodha. Hewa ipite, nyumba iwe baridi, umeme wa feni usiwe mkubwa: hayo ni jambo moja limesemwa mara tatu, na ukiyaacha matatu, hewa itahesabiwa mara tatu bila mtu kugundua. Mengine nayo tukayaunganisha hivyo hivyo, tukabaki na manne: hewa, faragha, gharama, na nafasi ya kuongeza vyumba baadaye.

Kisha nikamgeukia Mama. "Mama, naomba maharage ishirini." Akacheka, akaleta sahani. Nikaweka karatasi nne mezani, nikawaambia haya ndiyo yote mliyo nayo, yagaweni, na ukiongeza hapa lazima upunguze kule. Hapo ndipo kazi ilipoanza kutembea. Mzee hakuweza tena kusema kumi kumi, maharage yangeisha. Alishika harage moja vidoleni muda mrefu, akaliweka kwenye gharama, akaliondoa, akaliweka kwenye kuongeza vyumba. Mwisho: hewa 7, faragha 6, gharama 4, kuongeza vyumba 3.

Saa saba nilikuwa njiani kurudi, nimekula muhogo wa kuchoma kwenye bajaji.

Mchana ni wa kutoa alama, 1 mpaka 5, na alama lazima ziwe na kipimo, la sivyo nitaupendelea mchoro niliouchora kwa mapenzi. Hewa nilipima kwa vyumba vya kulala vyenye madirisha kwenye kuta mbili, maana Dar upepo wa kaskazi unatoka upande mmoja na wa kusi upande mwingine, na chumba chenye dirisha moja hakina pa kuutolea. Faragha, nilihesabu milango ya vyumba na choo anayoiona mgeni akiwa sebuleni, kila mlango ukipunguza alama moja. Gharama nilianzia urefu wa kuta za nje, kwa sababu mita za mraba ni zilezile 140 lakini ukuta si uleule.

Mchoro wa kwanza ni mstatili wa mita 10 kwa 14 wenye korido katikati: ukuta mita 48, rahisi kuliko yote, ila vyumba viwili kati ya vinne vinapata upepo, na mgeni anaona milango mitatu. Wa pili una umbo la L, ukuta mita 56, vyumba vitatu vinapata upepo, mlango mmoja unaonekana, na ncha ya L unaiongezea chumba siku yoyote. Wa tatu una ua katikati kama nyumba za zamani za pwani: vyumba vyote vinapumua pande mbili, mgeni haoni mlango hata mmoja, lakini kuta za nje na za uani zinafika mita 74, na pa kuongezea hakuna.

Kwenye jedwali nikaandika idadi ya maharage safu ya B, alama za kila mchoro safu C, D na E, kisha chini yake fomula inayozidisha kila alama kwa maharage yake na kujumlisha:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$5,C2:C5)
```

Korido ikapata 14+12+20+9, yaani 55. L ikapata 21+24+16+15, yaani 76. Ua ukapata 35+30+4+3, yaani 72. Jumla ya juu kabisa ni 100.

Kwa mtu mwenye haraka L imeshinda. Mimi siamini tofauti ya alama nne mpaka niisukume. Nikatoa harage moja kwenye kuongeza vyumba, nikalitia kwenye faragha. L ikashuka hadi 75, ua ukapanda hadi 76. Harage moja tu limegeuza nyumba nzima! Korido yenyewe, hata ukihamisha harage hilo, inabaki mbali huko chini, kwa hiyo niliweza kuiweka pembeni bila wasiwasi.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofika tena Tabata, giza lilishaingia na mgongo unauma. Niliwaonyesha michoro, kisha nikawauliza swali moja tu: vyumba vya kuongeza ni vya nani?

Mzee akasema ni vya mtoto wao wa mwisho, akioa. Mama akamtazama. "Baba, si ameshanunua kiwanja Kibaha?" Mzee akanyamaza. Nami nikanyamaza. Mama akanyoosha mkono kwenye karatasi ya kuongeza vyumba, akachukua harage moja, akalihamishia kwenye faragha yeye mwenyewe.

Sikuwaacha washangilie ua. Ukuta wa ziada kuliko wa L ni mita 18, na kwa kimo cha mita 3 hizo ni mita za mraba 54, kama tofali 540 za inchi sita kabla hujatoa madirisha na milango. Ongeza paa lenye mifereji inayomwaga ndani, na bomba la kutoa maji ya mvua uani. Mfuko wa Mzee una kikomo, na kikomo hakipewi alama. Ua ukikivuka, unatoka mezani hata ungepata 90, kwa sababu upepo mzuri haulipi tofali.

Saa nne na nusu usiku nimemtumia fundi michoro miwili, L na ua, aupigie kila mmoja hesabu ya vifaa. Majibu Alhamisi. Maharage Mama ameyaacha mezani vilevile, amekataa kuyapika.