Beti Mbili na Mlango

Juzi binti yangu alikuwa na kazi ya nyumbani ya ushairi, akaenda kufukua sanduku la bibi yake na kurudi na daftari langu la zamani. Akasoma beti mbili zilizomo ukurasa wa mwisho. Akageuza karatasi kutafuta ubeti wa tatu, hakuuona, akarudi nyuma.

"Mama, hapa babu amefariki wapi? Mbona haijaandikwa?"

Nilimwambia asome tena, nikaingia jikoni bila kazi yoyote ya kufanya.

Baba alikuwa ametoka na ngalawa msimu wa kusi. Siku ya tatu wenzake waliikuta inaelea, mrengu mmoja umevunjika na tanga halipo. Wakaikokota, wakaipandisha pwani chini ya mkungu. Yeye hakuonekana. Kwa kuwa hakuna aliyeuona mwili, mama alikataa kukaa eda, na hakuna aliyethubutu kumlazimisha. Mwaka wa pili ukaingia hivyo. Mimi nilikuwa na miaka 16 na nilikuwa na shairi.

Lilikuwa tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane hapa na nane pale. Ubeti wa kwanza nyumbani kwetu baba akiwa baharini usiku. Ubeti wa pili nyumbani kwetu baba akiwa hayupo tena. Wa tatu ulieleza maana yake. Nililiona limekamilika, nikalipeleka kwa Babu, mzee wa mtaa aliyekuwa akitunga tangu kabla mama hajazaliwa, na ambaye mashairi yote aliyasikiliza amefumba macho, akihesabu mizani kwa kugonga kidole gotini.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Soma, usiimbe. Ukiimba utanidanganya."

Nikasoma. Kidole kiligonga mpaka mwisho bila kukwama, nami nikafurahi, maana kidole kikisita ujue una guni mkononi. Kisha akaniomba ubeti wa pili peke yake. Ulianza hivi: "Lakini leo kaisha, baba hayuko nyumbani."

"Hiyo lakini ya nini?"

Nikamwambia ni ya kuonyesha kwamba mambo yamebadilika.

"Aliyesoma ubeti wa kwanza ana macho. Muwekee nyumba ile ile, taa ile ile, watoto wale wale, halafu badilisha kitu kimoja au viwili tu. Ataona mwenyewe. Ukibadilisha kila kitu hatajua atazame wapi, na ukimwambia 'lakini' umeshaona kwa niaba yake kabla hajaona."

Akanipa mfano wa Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Sayyid Abdallah. Majumba ya Pate yanawaka taa, watu wamejaa, halafu nyumba zile zile zina makinda ya popo. Nikamkumbusha kwamba Sayyid Abdallah naye anasema mengi humo, anauonya moyo wake waziwazi. Babu akakubali. "Yeye anauonya moyo wake kwa beti nyingi, ana nafasi. Wewe una beti mbili. Nafasi yako ni hapo katikati tu, na umeijaza maneno."

Ubeti wa tatu aliukata wote kwa mstari mmoja wa penseli. Ulikuwa na "Dunia hutukumbusha, tu wapita safarini," mshororo niliokuwa nimeupenda kuliko yote. Akasema vina vimekaa, mizani imetimia, ila huo ni wa kila mtu na si wa kwetu. Unaweza kuuchomeka kwenye shairi la bei ya sukari na hautagoma. Nililia kidogo. Hakunibembeleza.

Kisha tukafika kwenye kituo, ule mshororo wa mwisho wa ubeti. Katika ubeti wa kwanza nilikuwa nimeandika, "Mlango hatuufungi, baba yuko baharini." Katika wa pili, "Mlango tumeufunga, baba hatarudi tena."

Babu alifumbua macho.

"Mnaufunga?"

Sikujibu.

"Nakuuliza, mjukuu wangu. Usiku, pale kwenu. Mnaufunga mlango?"

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anapaa samaki, nasikia kisu kikikwaruza magamba. Nilijua hasa mlango wetu ulivyokaa usiku: umerudishiwa tu, jiwe la kusagia dawa limeegeshwa kwa ndani upepo usiupige, komeo likining'inia kwenye msumari wake. Kila usiku kwa mwaka na zaidi. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo nyumbani. Mama akitandika, anaweka jiwe, analala.

"Hapana, Babu. Hatuufungi."

"Sasa mbona unaandika mmeufunga?"

Akanirudishia penseli. Nilifuta kituo cha pili, na sikuwa na cha kuandika isipokuwa kile kile cha kwanza, neno kwa neno. Mkono ulinitetemeka. Maneno hayakubadilika hata herufi, lakini yalipokaa chini ya ubeti wa pili yalikuwa yanasema jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimekubali kulisikia.

Kazi iliyobaki ilichukua siku nne. Babu alinifundisha kuufunika ubeti wa pili kwa kiganja na kusoma wa kwanza peke yake. Ukisikia huzuni humo, basi umeharibu, kwa sababu mtu hawezi kuanguka kama tayari amekaa chini. Nilikuwa na "moyo una wasiwasi" mle ndani, nikaitoa. Nikaweka wali. Mwisho likabaki hivi:

Chemli mama kawasha, wali bado u mekoni,
Mdogo wangu akesha, asikiza dirishani,
Mwezi maji wang'arisha, ngalawa zi mkondoni,
Mlango hatuufungi, baba yuko baharini.

Chemli mama kawasha, sahani moja pembeni,
Mdogo wangu akesha, asikiza dirishani,
Ngalawa wamepandisha, kuku watagia ndani,
Mlango hatuufungi, baba yuko baharini.

Kuku walikuwa wakitaga humo kweli. Sisi ndio tuliotumwa kuokota mayai.

Babu alipolisikia kidole hakikugonga. Alikaa kimya muda, akaniambia nisimsomee mtu mpaka niwe nimemsomea mama.

Nilimsomea baada ya isha. Alikuwa anakunja nguo, na kati ya ubeti wa kwanza na wa pili nilipumua kama nilivyofundishwa, nikahesabu mpaka tano kimoyomoyo. Mikono yake ilisimama hapo, kabla hata sijaanza wa pili. Nilipomaliza hakusema kitu. Alimalizia kukunja kanga aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya zenzake, akainuka. Alilisogeza jiwe kwa mguu. Akalitoa komeo kwenye msumari, akalipitisha, na kwa kuwa lilikuwa limeshika kutu alilipiga kwa kiganja mara mbili likaingia.

Mdogo wangu aliamka akauliza nani anagonga.

Baadaye mama aliwaita wajomba, wakaenda kwa shehe, akakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Watu walisema afadhali. Mimi sijui. Sikuwa nimeandika shairi ili mlango ufungwe, na mara nyingi nimejiuliza kama nilikuwa na haki ya kumwekea mama beti zile mbili mbele yake, yeye aliyekuwa amezitenganisha kwa juhudi zote hizo. Sijawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kulitaja. Ila daftari alilihifadhi, tena chini kabisa ya sanduku, ndani ya kanga ile ile.

Nilipotoka jikoni binti yangu alikuwa bado ameinamia ukurasa, kidole chake kiko pale mahali peupe kati ya ubeti na ubeti.

"Ni hapa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni hapo.