Mstari wa mtaji uliotaka kuua mradi

Mradi ulikuwa wa miaka minne, na siku iliyotangulia kikao cha kamati nilipewa jedwali lake nilipitie. Chini kabisa, thamani halisi ya sasa, yaani jumla ya fedha zinazoingia na kutoka zikipimwa kwa thamani ya leo, ilisomeka hasi 77, kwa mamilioni. Kila aliyeliona jedwali lile alishaamini kwamba mradi umekufa.

Nilianza na mistari mikubwa: bei ya mashine, mauzo, gharama, kodi. Yote ilikuwa sawa, na kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 12 ilileta chanya 85. Basi balaa lilikuwa kwenye mstari mmoja tu uliobaki, wa mtaji wa uendeshaji, yaani fedha inayolala kwenye bidhaa za ghalani na kwenye madeni ya wateja, ukiondoa tunachodaiwa na wanaotuuzia. Kampuni ilikadiria kuwa kila mwaka unapoanza lazima kiwepo kiasi sawa na asilimia 10 ya mauzo ya mwaka huo. Mwenzangu aliyeandaa jedwali alikuwa amekata 50, kisha 60, kisha 70, kisha 40, na mwaka wa mwisho akarudisha 40.

Nilimwita tukae pamoja. "Dada," nikamwambia, "ile 50 ya mwanzo, mwaka wa kwanza ulipokwisha ilikwenda wapi?"

Akafikiri kidogo. "Bado imo ndani ya biashara."

"Sasa ili ifike 60, tunaongeza ngapi?"

Hakunijibu. Alivuta karatasi akaanza kuandika upya, na hiki ndicho tulichopata:

| Mwaka | 0 | 1 | 2 | 3 | 4 |
|---|---|---|---|---|---|
| Mauzo | 0 | 500 | 600 | 700 | 400 |
| Mtaji unaohitajika | 50 | 60 | 70 | 40 | 0 |
| Fedha inayotoka au kurudi | −50 | −10 | −10 | +30 | +40 |

Mstari wa kati ni kiasi kilichomo ndani ya biashara mwaka unapofungwa, kikisubiri mauzo ya mwaka unaofuata. Huo hauingii kwenye hesabu ya mtiririko wa fedha. Kinachoingia ni mstari wa chini, kwa sababu fedha inatembea pale tu kiasi kinapobadilika. Tazama pia mwaka wa 3: mauzo ya mwaka unaofuata yanashuka, kwa hiyo 30 zinarudi mradi ukiwa bado hai. Wengi hurundika marejesho yote mwaka wa mwisho, na hilo huuonea mradi.

Kwenye kompyuta, mauzo yakiwa mstari wa 3 na mwaka wa 0 ukiwa safu ya B, fomula moja inatosha kuanzia B hadi F:

```
=-0.1*(C3-B3)
```

Safu ya G ikiachwa tupu, mwaka wa 4 unarudisha 40 wenyewe. Ukitaka kujua kama umepatia, jumlisha mstari kabla ya kupunguza thamani: lazima upate sifuri. Mstari wa mwenzangu ulijumlika hadi hasi 180.

Sifuri hiyo isimdanganye mtu akaufuta mstari mzima. Kwa asilimia 12, mstari sahihi una thamani ya sasa ya hasi 20.1, maana fedha inatoka mapema na kurudi imechelewa. Huo ndio mzigo halisi wa mtaji kwa mradi huu. Mstari wa kwanza ulikuwa umeubebesha hasi 162.4. Tukatoa 20.1 kwenye 85, na mradi ukasimama kwenye chanya 64.9.

Kwenye kikao, mzee aliyekuwa mwenyekiti aliuliza swali ambalo nililipenda sana: hizo 40 za mwisho mbona hazikukatwa kodi? Nikamweleza kwamba deni la mteja lilishahesabiwa kama mauzo, na kodi yake imo kwenye mistari ya juu. Bidhaa ikiondoka ghalani kwa gharama yake ileile, hapana faida ya kutozwa. Ni tofauti na mashine, ambayo ikiuzwa zaidi ya thamani iliyobaki vitabuni, ile ziada hutozwa.

"Na wateja wasipolipa wote, mwanangu?"

Hapo alinigusa, kwa sababu kurudi kwa 40 kamili ni dhana tu, na bidhaa za mradi unaofungwa mara nyingi huuzwa kwa hasara. Tukajaribu palepale: zirudi 34, zipotee 6. Kwa kodi ya asilimia 30, hasara hiyo, ikikubalika kikodi, inaokoa 1.8, hivyo mwaka wa 4 unapata 35.8. Thamani ya mradi ikashuka hadi 62.2.

Mzee akataka hesabu hiyo ya pili ndiyo iingie kwenye kumbukumbu za kikao, na mradi ukapitishwa kwa 62.2.