Tarehe Nne Ndani ya Barua Moja

Binti wa dada yangu alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza, barua ya chuo ilikuja kwa barua pepe, kiambatanisho cha kurasa tano. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa pongezi, jina la kozi, tarehe ya kuanza ambayo ni 21 Septemba, na ada ya paundi 18,500. Familia ilisoma huo ikafurahi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya udahili muda mrefu, nikamwomba alete kompyuta na daftari tuanzie ukurasa wa tatu, kwa sababu huko ndiko chuo kinakoeleza kinachotaka kabla hakijampokea mtu.

Neno la kwanza nililomwonyesha lilikuwa "wenye masharti", pembeni mwa neno udahili. Maana yake nafasi anayo, lakini haijawa yake. Akitimiza masharti, chuo hubadilisha hali yake kuwa "usio na masharti", na kwa mwanafunzi wa kimataifa mabadiliko hayo ndiyo yanayofungua mlango wa CAS, yaani uthibitisho wa chuo ambao bila namba yake huwezi kuomba viza ya mwanafunzi. Kila kitu kingine kwenye barua ile kilielekea huko.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu Kiingereza: alama 6.5 kwa jumla katika mtihani wa IELTS, na isipungue 6.0 katika sehemu yoyote.

"Hili nimeshalimaliza, mjomba," alisema. "Nina saba."

Nikamwomba karatasi ya matokeo. Kusikiliza 7.5, kusoma 7.5, kuzungumza 7.0, kuandika 5.5. Ukijumlisha na kugawa kwa nne unapata 6.875, na mtihani ule hukadiria wastani kwa nusu alama iliyo karibu, ndiyo maana juu palisomeka 7.0. Jumla ilivuka kiwango, sehemu ya kuandika haikufika. Sentensi ya sharti ilikuwa na vipande viwili vilivyounganishwa kwa "na", na mtu aliyefurahia saba hukisoma kipande cha kwanza tu. Ofisi ya udahili huvisoma vyote viwili, na hakuna afisa anayeruhusiwa kusema kwamba 7.5 ya kusoma inafidia 5.5 ya kuandika. Ilibidi afanye tena mtihani. Tukatazama siku hiyo hiyo tarehe zilizokuwa wazi, maana mtihani una siku yake ya kufanyika na matokeo yana siku zake za kutoka, na vyote lazima viingie kabla ya tarehe ya mwisho ya masharti.

Sharti la pili lilionekana jepesi: transkripti ya mwisho na cheti cha shahada ya kwanza, vifike kabla ya 31 Julai. Mitihani yake ya mwisho ilikuwa Juni, na chuo chake kilikuwa kinatoa vyeti siku ya mahafali, Novemba. Hata angefaulu vipi, cheti kisingekuwapo Julai. Hapa ndipo waombaji wengi hunyamaza wakitumaini chuo kitaelewa chenyewe. Mfumo wa chuo hauelewi. Unaona sanduku la cheti liko tupu, na hali inabaki "wenye masharti".

Tuliandika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili. Tulitaja namba yake ya mwombaji, tukaeleza tarehe ya mahafali, kisha tukauliza jambo moja: je, watapokea barua ya msajili wa chuo chake inayosema amekamilisha mahitaji yote ya shahada, wastani wake wa mwisho ni kiasi gani, na shahada itatunukiwa lini? Jibu lilikuja kwamba watapokea, mradi barua hiyo itumwe na chuo chenyewe kutoka anwani yake rasmi. Sikuishia kwenye jibu hilo. Nilimtaka aombe barua mpya ya udahili yenye sharti lililorekebishwa, kwa kuwa afisa aliyekujibu Aprili anaweza asiwe yeye atakayefungua faili lako Agosti, na huyo wa Agosti atasoma kilichoandikwa kwenye barua.

Kisha tukaingia kwenye tarehe. Zilikuwa nne, zimetawanyika kwenye kurasa tatu, na hakuna hata sehemu moja zilikopangwa pamoja. Ya kwanza haikuandikwa kama tarehe kabisa. Barua ilisema akubali nafasi "ndani ya siku 28 tangu tarehe ya barua hii". Barua iliandikwa 9 Aprili, ingawa yeye aliifungua siku kadhaa baadaye. Hesabu huanza kwenye tarehe iliyoandikwa juu ya barua, hivyo mwisho ulikuwa 7 Mei. Ya pili ilikuwa 31 Mei, kulipa amana ya paundi 3,000. Ya tatu, 31 Julai, kutimiza masharti. Ya nne ilijificha kwenye aya ya viza: maombi ya CAS yasipokelewe baada ya 15 Agosti.

Tazama zilivyofuatana. Amana inatakiwa miezi miwili kabla ya masharti kutimia. Anatoa paundi 3,000 akiwa hajui kama atafikisha 6.0 ya kuandika. Kwa hiyo swali la haki ya kurudishiwa pesa lilikuwa kubwa kuliko swali la kiasi chenyewe, na barua haikulijibu. Ilisema tu kwamba amana hairudishwi "isipokuwa kama ilivyoelezwa katika kanuni za ada", pakiwa na kiungo. Tukakifungua. Kanuni ziliruhusu kurudisha pesa kama viza imekataliwa bila udanganyifu, kama chuo chenyewe kimefuta kozi, au kama mwombaji ameshindwa kutimiza masharti ya kitaaluma au ya lugha.

Hilo la mwisho lina mtego wake. Aya iliyofuata ilitaka mwombaji atume ushahidi wa kushindwa, yaani matokeo halisi ya mtihani, ndani ya siku 14 baada ya tarehe ya masharti. Aliyekaa kimya, au aliyeamua tu kutofanya mtihani tena, alihesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe, na aliyejitoa mwenyewe harudishiwi. Tofauti ya kushindwa na kujitoa ilikuwa ni karatasi moja. Tulihifadhi nakala ya kanuni hizo kama zilivyokuwa siku ile, kwa kuwa ukurasa wa tovuti hubadilika na kinachomfunga mwombaji ni kile kilichokuwapo alipokubali.

Alikubali nafasi kwenye ukurasa wake wa mwombaji kabla ya 7 Mei. Kukubali hakukuwa na gharama, na hakukumzuia kulipa au kutolipa baadaye. Kwenye vyuo vingine kubofya kukubali na kulipa amana ni tendo moja, kwa hiyo jambo hili husomwa kwenye kila barua upya.

Malipo yenyewe tuliyapanga kwa uangalifu. Pesa inayotumwa nchi nyingine kupitia SWIFT, mtandao wa mawasiliano wa mabenki, mara nyingi hupita kwenye benki nyingine iliyo katikati ya njia, na benki hiyo inaweza kukata ada yake ndani ya kiasi kinachosafiri. Kwenye fomu ya benki kuna mahali pa kuchagua nani abebe makato: SHA maana yake mnagawana, OUR maana yake mtumaji anabeba yote. Ukichagua SHA, unatuma 3,000 na chuo kinapokea, tuseme, 2,980. Pengo la paundi 20 linatosha kufanya mfumo uone amana haijakamilika, na hakuna anayekupigia simu kukuambia. Dalili yake ni kwamba ukurasa wa mwombaji unaendelea kudai malipo hata baada ya siku za kawaida za benki kupita. Tulichagua OUR, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika namba yake ya mwanafunzi, si jina lake pekee, maana ofisi ya fedha hulinganisha namba. Baba yake ndiye aliyelipa, kwa hiyo tulijaza pia sehemu ya uhusiano wa mlipaji na mwanafunzi. Pesa ikirudishwa, chuo hicho huirudisha kwenye akaunti ileile ilikotoka.

Kuna jambo la viza lililofanya nimhimize alipe mwanzoni mwa Mei asingoje mwisho. Kanuni za Uingereza zinataka pesa ya ada iliyobaki pamoja na ya kujikimu ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na mwisho wa siku hizo uwe ndani ya siku 31 kabla ya kuomba viza. Akaunti ya baba yake ndiyo ingetumika kama ushahidi. Ukilipa amana kutoka akaunti hiyo katikati ya zile siku 28, salio linaweza kushuka na hesabu ikaanza upya. Amana ikishaondoka mapema, salio linatulia, na siku 28 zinaweza kutembea mwezi Julai wakati matokeo yanasubiriwa. Uamuzi wa viza ya mwanafunzi anayeomba akiwa nje ya Uingereza kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Kwa kozi inayoanza 21 Septemba, aliyesubiri CAS ndipo aanze kuhesabu siku 28 angekuwa anaomba katikati ya Septemba.

Mtihani wa pili ulimpa 6.5 ya kuandika. Barua ya msajili ilitumwa moja kwa moja katikati ya Julai, na hali ikabadilika kuwa "usio na masharti" siku chache kabla ya 31. Chuo kikamtumia rasimu ya CAS aihakiki. Tulitazama jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe za kozi, kisha mstari wa ada: jumla 18,500, iliyolipwa sifuri.

Amana ilikuwa imefika, ukurasa wake wa mwombaji ulikuwa unaonyesha hivyo, lakini ofisi ya fedha haikuwa imepeleka taarifa kwa ofisi ya viza ya chuo hicho hicho. Rasimu ile ingepita, baba yake angetakiwa kuonyesha ada yote 18,500 badala ya 15,500, na salio alilolitunza mwezi mzima lilipigiwa hesabu ya 15,500. Binti alijibu siku hiyo hiyo akiambatanisha risiti ya chuo na uthibitisho wa benki. CAS iliyotoka ilisomeka 3,000 kwenye mstari wa kiasi kilicholipwa, na maombi ya viza yakaingia wiki ya kwanza ya Agosti.