Siku yangu Kyangwali: kibuyu chirizi na bango

Saa moja asubuhi. Kazi yetu wahudumu wa afya wa kijiji ni ya kujitolea, kwa hiyo napalilia maharage kwanza, ndipo nashika rejista. Hapa kwenye makazi ya wakimbizi, magharibi mwa Uganda, tunaelewana kwa Kiswahili, maana wengi tumetoka Kongo. Tangu kipindupindu cha 2018, sibishani na mtu kuhusu choo. Shida ni kunawa baada ya choo.

Saa tatu. Kwa jirani mmoja kibuyu chirizi kimelala. Jerikeni ya lita tano inaning'inia vizuri, kijiti kimepita kwenye mkono wake, ila kamba ya kukanyagia imefungwa kitakoni. Ukikanyaga, jerikeni inavutwa chini tu, haiinami. Nimeifungua na kuifunga shingoni, karibu na kifuniko, upande wa lile tundu la msumari. Mama mwenye nyumba akakanyaga, maji yakachirizika, mwanawe akanawa na kurudia tena.

"Si utuchoree hii, tuibandike?"

Mimi nichore? Mbuzi wangu hufanana na meza.

Saa tano. Nimemwandikia muuguzi wa kliniki:

"Sista, habari ya kazi. Nasikia kuna programu ya akili mnemba inayochora ukiielezea unachotaka. Inaweza kutuchorea mabango ya usafi, hasa kunawa kwa kibuyu chirizi? Na mnaweza kutuchapia? Asante."

Akajibu: "Njoo tujaribu."

Saa nane. Picha ya kwanza ilipendeza kwa mbali: mama wa kitenge, mtoto, nyasi. Ukisogea, jerikeni ina koki ya chuma, kamba inaishia hewani, mkono una vidole sita, na juu imeandikwa "NAWA MIKNO". Sista anasema programu hizi zimejifunza kutokana na picha nyingi mno, na mabomba ni mengi humo kuliko vibuyu chirizi, basi inachora ilichozoea. Tukaandika upya: hakuna koki, kamba shingoni, usiweke maneno. Koki ikaondoka, kamba ikarudi kitakoni! Bango la namna hiyo lingefundisha kosa lile lile la asubuhi. Mwisho nilipiga picha kibuyu cha kliniki, tukaiwekea programu igeuze kuwa mchoro wa mistari. Hapo ikakaa sawa. Maneno tutayaandika wenyewe.

Saa kumi. Kwenye bomba la kijiji nimewaonyesha watu michoro kwenye simu. Nauliza "Unaona nini hapa?" tu, kwa sababu nikisema "Unaona anavyonawa?" kila mtu ataitikia ndiyo. Kibuyu wamekitambua, hadi ile sabuni ya kamba. Mchoro wa pili una mtoto anayejisaidia kichakani, na juu yake alama nyekundu ya kukataza. Mzee mmoja akautazama sana.

"Hapa ni kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Wanapeleka watoto."

Wawili wengine wakakubaliana naye.

Saa kumi na mbili. Nimemtumia sista majibu: cha kibuyu kichapwe msimamizi wa kituo akishakiona, cha kichakani kisitoke. Badala yake tuchore mtoto huyo huyo akiingia chooni, bila alama yoyote. Na karatasi ziwekwe kwenye nailoni, mvua za hapa hazisomi bango.